Ahadi sio hela, usiache kadi yako ya benki kwa mtu

> "Wakuu, harusi yangu bado wiki tatu. Ahadi ni milioni 14 ila mkononi tuna 6. Wageni 350. Kuna jamaa anatoa mkopo siku hiyohiyo, unamwachia kadi ya benki. Nichukue 5 nimalizie? Na suti nikodi au nishone?"

Usichukue. Hiyo kadi usimpe hata aishike aone rangi yake.

Mimi nilikuwa hapo ulipo. Siku kumi kabla ya harusi tulikuwa na pengo la milioni 4, na daftari la kamati limejaa ahadi. Mwenyekiti wetu, mtu mzima, mwenye suti tatu na kamati nne kwa mwaka, akaniambia: "Bwana harusi usituaibishe. Kopa uzibe, ahadi zinaingia wiki ya mwisho." Nikaamini. Yeye mwenyewe aliahidi laki tatu. Bado naisubiri, na mwanangu sasa anaenda chekechea.

Jamaa wa mkopo alikuwa na chumba nyuma ya duka la vipodozi. Akafungua droo, ndani kadi za benki zimefungwa kwa rababendi kama karata, kila moja ina kikaratasi cha namba ya siri. Pale ningekimbia. Badala yake nikajiona niko kwenye foleni ya watu wa maana. Mkataba niliosaini haukuwa na neno mkopo hata moja, ulisema nimemuuzia pikipiki. Ukiona hivyo, ujue mwenzako ameshajiandaa kwa polisi na mahakama, wewe umejiandaa kwa keki.

Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Nilivyoelewa mimi, nalipa milioni 4 na laki nane, basi. Kumbe ile laki nane ni ya kila mwezi, na mtaji haupungui mpaka uulete wote kwa mkupuo. Mshahara wangu mkononi ulikuwa milioni moja na elfu hamsini. Siku unapoingia, yeye anafika kwenye mashine kabla yangu, anatoa laki nane, mimi namfuata dukani kuchukua laki mbili na nusu yangu kama mtoto anayetumwa. Mke wangu alidhani nina nyumba ndogo. Ningekuwa nayo ingekuwa nafuu.

Miezi mitano nikawa nimelipa milioni 4 kamili, na deni likawa bado milioni 4. Zile ahadi? Baada ya harusi ililipwa laki tatu na nusu tu. Mtu akishakula pilau yako hana sababu ya kukutafuta, na wewe huwezi kumdai mjomba hadharani.

Kilichoniokoa ni SACCOS ya kazini, ambayo nilikuwa mwanachama siku zote. Nilikuwa na akiba ya milioni 1.4 na wanakopesha mara tatu ya akiba. Sikwenda mapema kwa sababu mkopo wao ulichukua wiki mbili na mimi nilikuwa na siku kumi. Walinipa milioni 4 kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye salio linalobaki. Kama laki mbili kwa mwezi, miezi 24. Piga hesabu: riba yote ya miaka miwili haikufika laki nane, yaani haikufika riba ya mwezi mmoja wa yule bwana. Hata wakopeshaji wadogo wenye leseni Benki Kuu imewawekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutajia 20 na kutaka kadi hana leseni ya kukuonyesha.

Lakini SACCOS nayo usikimbilie. Harusi ifanywe kwa hela iliyokwisha kulipwa, nukta. Mwambie mweka hazina aweke tarehe, siku kumi kabla. Kitakachokuwa kimeingia siku hiyo ndiyo bajeti, na asiyelipa hapewi kadi ya mwaliko. Utaona simu zitakavyolia. Kisha nenda kwa mpishi kabla hajanunua mchele. Sahani ikiwa elfu 20, wageni 350 ni milioni 7, wageni 200 ni milioni 4. Milioni tatu umezipata bila kumsalimia mtu wa droo. Anayesema hana taslimu aombwe kitu: kreti za soda, gari la maharusi, mbuzi. Shangazi yangu aliahidi laki moja akashindwa, ila alipoambiwa alete mchele alileta kilo 50 na maneno juu.

Watasema harusi yako ilikuwa ndogo. Yangu ilikuwa kubwa, na waliokula walisema nyama ilikuwa ngumu.

Kikao chenu kinachofuata ni lini? Kama ni Jumapili, omba kiitwe kesho.