Majina na mafunzo katika risala ya kufunga mradi

Swali la wiki: "Sherehe ya kufunga mradi ikifika, je, hotuba iwataje watu mmoja mmoja kwa majina, au iishukuru timu nzima kwa pamoja?"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Chamwino, na kwa kuwa huku kwetu kamati ya mradi ikihitaji karatasi ya kusomwa mbele ya mgeni rasmi humfuata mwalimu, nimeshiriki kuandika risala nyingi za namna hiyo. Kwa ninavyoona, kabla ya majina kuna jambo lingine la kutazamwa. Risala zetu zina utangulizi, malengo, mafanikio, changamoto na maombi, lakini hazina mahali pa kueleza mradi umewafundisha nini waliouendesha. Lililokwenda vibaya huwekwa kwenye changamoto, na likishawekwa hapo hugeuka ombi la fedha au la gari. Ndiyo maana hata majina yakisomwa yote, msikilizaji hajui huyu ametajwa kwa lipi, na orodha inasikika kama mahudhurio ya darasani.

Nitoe mfano wa sherehe moja ambayo bado inanisumbua. Mradi wenyewe ulikuwa wa kisiki hai, kazi ambayo wasomaji wa Dodoma wanaijua vizuri: hupandi mche, bali unatafuta shambani kisiki cha mgunga au mlama ambacho mizizi yake bado i hai, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, unakata mengine, unapogoa matawi ya chini ya yale uliyoyaacha, unayafunga kitambaa ili anayelima asiyafyeke, kisha unayalinda. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, mizizi iliyokwisha kushuka chini ina nafuu kubwa kuliko mche uliotoka kitaluni.

Katika mwaka wa kwanza kamati ilihesabu visiki siku ile ile vilipopogolewa, na hesabu hiyo ndiyo iliyopelekwa wilayani. Ilikuwa nzuri. Lakini mtama ukishavunwa, desturi ni kuyaacha mashamba wazi ili mifugo ile mabua, na kiangazi kilipokwisha sehemu kubwa ya machipukizi ilikuwa imetafunwa au imevunjika. Wajumbe walilaumu ukame, wakalaumu na wakata kuni. Kijana mmoja aliyeajiriwa kuchunga mbuzi ndiye aliyewapeleka shambani na kuwaonyesha kwamba machipukizi mengi yaliyokufa yako upande mmoja, kando ya njia ambayo mifugo hupita kwenda lamboni, na kwamba ncha zake zimeng'atwa, hazikukatwa kwa panga. Mtu akiinama huiona tofauti hiyo mara moja: panga huacha mkato laini wa mshazari, mbuzi huacha ncha iliyochanika na gome lililovuliwa. Kamati ikakaa na wafugaji, njia ya mifugo ikahamishiwa pembeni mwa mashamba, na tangu hapo visiki vikawa vinahesabiwa baada ya kiangazi badala ya siku ya kupogoa. Hesabu ilishuka, lakini sasa ilikuwa hesabu ya miti iliyo hai.

Jioni ya kuamkia sherehe tulikaa kwenye ofisi ya kijiji kuandika risala. Wajumbe wawili hawakutaka suala la hesabu litajwe kabisa. Walisema mgeni rasmi ataona tulidanganya, na hofu yao ilikuwa na msingi, kwa kuwa tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016 wakubwa wako karibu nasi na sherehe ya kijiji inaweza kupata wageni ambao zamani tuliwasikia redioni tu. Mratibu wa mradi, binti mwenye umri wa kuwa mwanangu, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba nusu ukurasa tu baada ya mafanikio. Akaandika mwenyewe kwa mkono. Kila sentensi ilianza na jambo tulilojifunza na kuishia kwa mtu aliyetufundisha. Kuhusu hesabu aliandika hivi: "Tulijifunza kwamba kisiki kilichopogolewa hakijawa mti mpaka kipite kiangazi kimoja, na aliyetufundisha ni kijana wetu mchungaji, aliyetuonyesha njia ya mbuzi." Kuhusu kupogoa alimtaja mama mmoja mjane aliyekataa kuacha chipukizi moja moja kama wataalamu walivyoelekeza mwanzoni. Yeye aliacha matatu kwa kila kisiki, na upepo ulipovunja moja alibaki na mawili, wakati majirani zake walibaki na kisiki kitupu.

Kesho yake ngoma ya muheme ilipigwa, itifaki ikasomwa kwa muda mrefu kama kawaida, na risala ikasomwa juani. Ilipofika kwenye ile nusu ukurasa watu walinyamaza. Mama yule alisimama bila kuambiwa, akina mama wenzake wakapiga vigelegele, na mgeni rasmi aliweka pembeni hotuba aliyoandikiwa akamuuliza jinsi anavyochagua machipukizi yake. Sijaona tena mgeni rasmi akimuuliza mwanakijiji swali la kazi mbele ya hadhara.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilitaka kuishia hapo na kusema: watajwe wote, kila mtu na tendo lake. Lakini sherehe ile haikuishia hapo. Kijana alipotajwa, mwenye mbuzi alikuwa ameketi safu ya mbele. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo ya faini kwa mifugo inayoharibu miti, na kila aliyekuwepo alielewa ni mbuzi wa nani waliokuwa wakizungumzwa. Mzee hakusema neno pale, lakini jioni alilalamika kwamba ameanikwa mbele ya wakubwa, na kabla ya mvua kijana alikuwa hana kazi. Mratibu alikwenda kumwombea, akapokewa kwa heshima, na hakufanikiwa. Alikuwa amemwomba kijana ruhusa, naye alikubali kwa furaha. Ila kijana hakuwa na uwezo wa kukubali kwa niaba ya tajiri yake.

Kwa hiyo, Mhariri, jibu langu limekuwa tofauti na nilivyokusudia. Timu ishukuriwe kwa pamoja katika sentensi moja. Wapishi, dereva na walinzi wasisahaulike humo, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaosahaulika. Baada ya mafanikio na kabla ya maombi iwepo aya ya mafunzo, nayo iseme waziwazi tulidhani nini, tulikuta nini na tulibadilisha nini. Jina liwekwe pale tu ambapo mwenyewe ameisikia sentensi yake ikisomwa kabla ya siku ya sherehe, na ambapo hakuna mtu wa tatu anayeguswa nayo. Kwa mama wa machipukizi matatu jina lilistahili. Kwa kijana ingetosha kuandika "mmoja wa wachungaji wetu" na kumshukuru nyumbani kwake, ingawa nakiri kwamba katika kijiji kidogo hata maneno hayo huenda yasingemficha. Mradi wa mjini, ambako watu hawategemeani kwa malisho na ajira kama sisi, unaweza kuwa na nafasi pana zaidi ya kutaja majina. Wanaoishi huko watasema. Huku kwetu, jina likileta shaka liondolewe, lakini sentensi ya funzo ibaki, hata wajumbe wakiiogopa.

Mwalimu, Chamwino