Raba moja, mavazi matatu

Mtoto wa mama mdogo alishuka kutoka Muheza mwezi wa saba na kiroba cha nguo na raba pea moja. Adidas Superstar nyeupe, mistari mitatu myeusi ubavuni, na ule mdomo wa mpira uliochongwa mifereji kama kombe la pwani. Alikaa mlangoni kwangu akinionyesha picha tatu kwenye simu. Watu watatu, raba ile ile, na hakuna aliyefanana na mwenzake.

"Dada, sasa mimi nivae na nini?"

Nauza mitumba hapa Ngamiani, Tanga, na swali lake nalisikia kila belo linapofunguliwa, ila wengine hawaulizi vizuri kama yeye. Kinamama wanaita zote nguo za kihuni. Vijana wanaita zote nguo za kisela. Lakini ndani ya belo moja kuna hip hop, kuna skeiti, yaani ya wachezaji wa kibao chenye magurudumu, na kuna ile wenyewe wanaiita stritiwea, na ukizichanganya bila kujua unatoka kama kamba ya kuanikia nguo.

Kosa la kwanza ni kutafuta jibu kwenye jina la kampuni. Superstar haikutengenezwa kwa mtindo wowote kati ya hiyo. Ilikuwa raba ya mpira wa kikapu. Miaka ya 80 Run-D.M.C., kundi la hip hop la vijana wa Queens kule New York, wakaivaa bila kamba, ulimi umevutwa nje, na mwaka 1986 wakaiimbia kabisa. Miaka ya 90 wachezaji wa skeiti wakaichukua nao. Baadaye ikaingia kwenye maduka ya stritiwea. Kwa hiyo kiatu peke yake hakikwambii kitu. Tazama pindo la suruali linapokutana na kiatu.

Nikamtolea suruali tatu, nikazilaza kwenye meza na futi ya fundi.

Ya kwanza jinzi ya hip hop ya miaka ya 90. Kiuno inchi 34, mdomo wa chini ukiwa umelazwa inchi 10 na nusu. Hapa pana jambo ambalo watu wengi wanalikosea, hata wauzaji wenzangu. Jinzi pana ya kweli si jinzi ya mtu mnene. Kijana wa kiuno 32 akichukua ya 42 na kuikaza kwa mkanda, kitambaa kinajikunja nyuma kama mfuko wa unga, na mifuko ya nyuma inakimbiliana hadi inakaribia kugusana. Mbunifu wa mavazi Karl Kani alijulikana kwa kulitatua hilo: jinzi yenye kiuno cha mvaaji na upana wote kwenye paja na mguu. Kabla hujalipa, ilaze na upime paja chini kidogo ya mshono wa katikati. Ile yangu ya kiuno 34 ilikuwa na paja la inchi 14. Jinzi ya kawaida ya kiuno hicho niliyopima siku hiyo ilikuwa 12. Inchi hizo mbili kila upande ndizo mtindo wenyewe.

Jinzi hiyo inakaa chini ya kiuno na pindo linamwagika juu ya kiatu mpaka unaona kombe tu mbele. Kwa hiyo kiatu lazima kiwe na mwili. Ndiyo maana hip hop walipenda buti za njano za Timberland na raba za Nike Air Force 1. Ukivaa jinzi hiyo na raba nyembamba ya turubai, mguu unaonekana kama kwato ya mbuzi. Kwa Superstar, kamba pana zilizolegezwa zinasaidia kuijaza. Ila ukitaka kuiga Run-D.M.C. wenyewe, jinzi hii siyo. Wao walivaa suruali nyeusi zilizonyooka na makoti ya ngozi, na upana ulikuja baada yao. Hip hop ina vizazi, usimvalishe babu suruali ya mjukuu.

Ya pili Dickies 874, suruali ya kazi ya Kimarekani, kitambaa kigumu cha mchanganyiko wa poliesta na pamba chenye mkunjo mbele. Mdomo wa chini inchi 8 na nusu. Inakaa kiunoni hasa, haishuki, na mguu umenyooka moja kwa moja. Wachezaji wa skeiti hawakuipenda kwa urembo. Paja lina nafasi ya kuchuchumaa, kitambaa hakichaniki ukiburuzika kwenye saruji, na wanalikata au kulikunja pindo liishie kwenye kifundo ili lisiingie chini ya kiatu wala kwenye magurudumu. Kiatu chote kinaonekana, na kamba zimefungwa maana mguu ukichomoka hewani umeumia.

Raba ya skeiti unaijua kwa jeraha lake. Juu ya kile kibao kumebandikwa karatasi kama msasa, na mchezaji akirusha kibao anaburuza ubavu wa nje wa kiatu, usawa wa kidole kidogo, kwenye huo msasa. Ukiona raba ya mtumba imelika hapo tu, kamba zimekatikakatika upande huo huo, na kwingine nzima, imetoka kwa mchezaji. Ndiyo sababu nyingi ni za suedi, kwa kuwa turubai hutoboka mapema. Vans zimekuwa kwenye mchezo huu tangu miaka ya 70 kwa ajili ya soli yake bapa yenye mikato kama mkate wa wafo: inashika, na ni nyembamba vya kutosha mguu kukisikia kibao.

Suruali ya tatu ilikuwa kadeti pana ya stritiwea, na hapa maelezo ni mafupi kwa sababu stritiwea ni mkopaji. Shawn Stussy alianza kwa kuandika jina lake kwenye mbao za kuteleza mawimbini California, kisha kwenye fulana. Chapa ya Bape ikaanza Tokyo mwaka 1993, Supreme ikaanza New York mwaka 1994 kama duka la skeiti. Upana wakachukua kwa hip hop, pindo fupi wakachukua kwa skeiti, wakaongeza unadhifu. Mdomo wa hii ulikuwa inchi 9 na nusu, ila imekatwa makusudi iguse tu ulimi wa kiatu, na kiatu ni lazima kiwe kisafi. Kikiwa na jeraha la skeiti kinaharibu kila kitu.

Fulana nazo zinajieleza kwa futi. Niliokota tatu zote zikiwa na lebo ya XL. Ya hip hop ilikuwa kifua inchi 26 na urefu 34, yaani inafika katikati ya paja. Ya skeiti kifua 23, urefu 30, fulana ya kawaida tu. Ya stritiwea kifua 25, urefu 27, karibu mraba, bega limeshuka na kitambaa kizito kinachosimama mbali na mwili. Herufi kwenye lebo hazikwambii hayo, kwa hiyo ukiagiza kwa picha ya mtandaoni mwambie muuzaji apime.

Kisha pitisha kiganja. Hip hop hupenda jina lenye uzito: herufi za kitambaa zilizoshonewa, darizi nene, namba ya jezi. Vidole vinaisoma hata ukifumba macho. Skeiti ni michoro, mara nyingi nembo ndogo kifuani na mchoro mkubwa mgongoni, mafuvu, ndimi za moto, katuni za kutisha. Mchoro maarufu kuliko yote ni ule mkono wa buluu wenye mdomo unaopiga kelele, ambao Jim Phillips aliuchora kwa ajili ya kampuni ya skeiti ya Santa Cruz mwaka 1985. Stritiwea huweka kidogo sana na kukiacha kizungumze, kijisanduku chekundu chenye neno moja, au sahihi kama iliyoandikwa kwa kalamu nene. Mchapo mkubwa mnene wa plastiki mgongoni haupitishi jasho. Mwezi wa pili hapa Tanga, nenda nao hadi Chumbageni kwa miguu ndipo utanielewa.

Hiyo inanileta kwenye kuvaa nguo juu ya nguo, ambako wengi wanaangamia kwa kuiga picha za nchi za baridi. Hudi chini ya jaketi la sponji ni ya msimu wa baridi wa New York. Hapa ipe likizo. Kwa hip hop, jezi ya matundu ya mpira wa kikapu juu ya singilendi nyeupe inakupa tabaka mbili na upepo unapita. Kwa skeiti, tabaka ni la bahati nasibu, fulana na shati la drafti ambalo likikuchosha unalifunga kiunoni. Stritiwea ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu mtindo wake ni kupanga urefu na rangi, na ukivua moja mpango umebomoka. Mimi natumia shati jepesi la kitani bila vifungo juu ya ile fulana ya mraba, tena msimu wa kusi tu. Kaskazi ikianza, naliacha msumarini.

Neno moja kuhusu soli, maana limeniuma mfukoni. Niliwahi kununua buti za njano, ngozi nzima kabisa, nikazivaa kwenda harusini. Kabla sijafika ukumbini kisigino kilibaki barabarani, kimemumunyuka kama biskuti kwenye chai. Povu la poliyurethani lililomo ndani ya soli nyingi huozeshwa na unyevu polepole, hata kiatu kikikaa bila kuvaliwa, na Tanga unyevu tunao. Bonyeza ukucha kwenye soli pembeni. Ikibaki na alama isiyofutika, au ukaona nyufa ndogo ndogo na unga, rudisha. Raba za mpira mtupu kama Vans haziozi hivyo. Zenyewe hubanduka. Zikunje, tazama ule utepe unaozunguka soli, na ukifunuka usawa wa vidole, gundi imekauka. Hilo fundi viatu analimaliza. Soli iliyomumunyuka haina fundi.

Basi kijana wangu alijaribu zote mbele ya kioo. Jinzi pana ilimpendeza kuliko zote, na alijua hivyo, nikamwona anavyosimama. Nikampa na jezi ya matundu, nikamwambia alegeze kamba za Superstar lakini asizitoe.

"Na baiskeli je, dada?" Alikuwa ameazima baiskeli ya jirani aende Raskazone.

Sikuwa nimefikiria. Inchi 10 na nusu na mnyororo wa baiskeli haviendi pamoja, ninayo jinzi moja nyumbani yenye meno ya mnyororo kuthibitisha. Nikamchomolea vibanio viwili kutoka kwenye kamba ya nguo, akabana mguu wa kulia, akapanda. Alipofika kona akashika breki, akainama, akavitoa vibanio na kuvitia mfukoni, akashuka akaendelea kwa kuikokota baiskeli, jinzi imemwagika juu ya kombe.