Mchumba kwa Jirani, Mke kwa Sheikhe

*Shangazi, mwezi wa nane mchumba wangu alikuja kutoka Minesota, Marekani, tukafunga nikahi nyumbani kwetu Tanga, watu kama ishirini hivi. Harusi ni mwakani, kwa hiyo bado nakaa kwa mama na tunaitana wachumba. Sasa anataka kuniombea viza ya mchumba, kaambiwa ni nyepesi. Baba anasema mimi ni mke wa mtu. Nimsikilize nani?*

Mwanangu, msikilize baba. Walii akishakuozesha mbele ya mashahidi wawili, na mahari ikatajwa, uchumba umeishia pale pale. Kilichobaki ni harusi, yaani ngoma na pilau. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakuhesabu mke, maana ndoa kutosajiliwa hakuibatilishi.

Kinachowachanganya ni neno letu lenyewe. Kwa Kiswahili mchumba ni yule aliyeleta posa, ni kijana uliyempa namba juzi, na ni bibi arusi anayengoja kutolewa nyumbani. Wamarekani neno hilo wamelibana. Fomu yao ya I-129F, ya kuombea viza ya mchumba, ni ya watu ambao hawajaoana, wameonana ana kwa ana katika miaka 2 kabla ya kuomba, na wataoana ndani ya siku 90 baada ya mgeni kuingia. Wewe sharti la kwanza tu limekushinda. Mumeo ajaze I-130, ambayo ndiyo ya kumwombea mke.

Mambo huharibikia kwenye usaili ubalozini. Afisa ataomba picha, nawe utatoa ile ya hina mkononi, sheikhe amekaa kati. Ukisema huyu ni mchumba wangu, picha inakukana. Wapo ambao hawakuoana kabisa, wakaponzwa na sherehe ya kuvishana pete iliyofanana mno na harusi. Na ukiificha ndoa kwa makusudi umedanganya, jambo linaloweza kukufungia mlango hata ukirudi baadaye kama mke.

(Mikasa hii haiko kwenye Kiingereza tu. Wafaransa wana neno la kiofisi kwa wanaoishi pamoja bila ndoa, halina aibu yoyote. Mkalimani wetu mmoja alilitafsiri "hawara" mbele ya mama mkwe wa watu. Kikao kiliishia hapo.)

Sasa nenda kwa sheikhe aliyewafungisha. Kama ana leseni ya kufungisha ndoa, akupe cheti, na tarehe iwe ya nikahi, si ya harusi. Kama hana, akuandikie nani walikuwepo na lini, uende na mashahidi wako kuulizia usajili kwa mkuu wa wilaya. Tarehe hiyo hiyo ndiyo mumeo aiandike kwenye fomu.

Na yule wifi yako anayekuposti "wifi mtarajiwa" kila Ijumaa, mwambie neno la pili alifute.