Gunia la Novemba si gunia la Mei

Kila Novemba simu yangu hapa kwenye soko la nafaka la Nyamakima hailali. Wengi wanaopiga ni watu wa Nairobi waliokodi ekari tano au kumi kule Trans Nzoia au Uasin Gishu, wamevuna mahindi kwa mara ya kwanza, na swali lao ni moja: "Mama, niuze sasa ama niweke mpaka mwezi wa tano?" Halafu wananipa hesabu yao. Broka amefika shambani na 2,800 kwa gunia. Mei watu wanasema bei itafika 3,400. Basi nikingoja napata 600 juu ya kila gunia, na nina magunia mia moja.

Bei hizo nimeziweka za mfano, wewe utaweka zako. Lakini fuata hesabu nami hadi mwisho, kwa sababu hiyo 600 ndiyo imewaumiza wageni wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Anza na mizani. Gunia la kilo 90 linalotoka shambani Novemba mara nyingi bado lina maji. Tuseme kipima unyevu kinasoma asilimia 18. Mahindi ya namna hiyo hayawekwi ghalani. Sharti yashuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Ukiyaanika juu ya turubai mpaka yafike hapo, gunia lako halina tena kilo 90. Lina kilo 85 na kidogo. Karibu kilo tano zimekwenda na jua, na hakuna aliyekuibia. Broka alikuwa tayari kukulipa zile kilo tano za maji. Mnunuzi wa Mei hatazilipa.

Sasa pesa. Kuanika na vibarua wa kugeuza, 70 kwa gunia. Mfuko usiopitisha hewa, ukigawa bei yake kwa misimu mitatu utakayoutumia, kama 90. Kodi ya ghala, shilingi 10 kwa mwezi, kwa miezi sita 60. Kupakia na kushusha, 40. Jumla 260. Kisha kuna gharama ambayo mgeni haioni kwa sababu hakuna anayemletea risiti: ile 2,800 ambayo hukuichukua Novemba. Kama una mkopo wa chama cha akiba unaotozwa asilimia moja kwa mwezi, pesa hiyo ingeupunguza. Kwa miezi sita umelipa riba ya 168 kwa kila gunia ili mahindi yakae.

Jumlisha: 2,800 na 260 na 168 ni 3,228. Hizo unazidai kutoka kwa kilo zilizobaki. Hata mfuko ukifungwa vizuri, toa asilimia moja ya kumwagika na kuharibika, zinabaki kama kilo 84.4.

```
3,228 ÷ 84.4 = 38.25 kwa kilo
38.25 × 90  = 3,442 kwa gunia
```

Kwa hiyo Mei gunia la kilo 90 likiuzwa 3,400, umengoja miezi sita na umepata hasara ndogo. Ukitumia gunia la kawaida na dawa ya unga, gharama inapungua kidogo, lakini ukipoteza asilimia 8 kwa wadudu unahitaji zaidi ya 3,650 ili urudishe pesa yako tu. Na mahindi yenye matundu hayapati bei ya soko. Hapa kwetu mnunuzi anatia mkono ndani ya gunia, anaupangusa unga kwenye kiganja, na bei inashuka kabla hajafungua mdomo.

Wadudu hao si sawa. Fukusi anatoboa punje na kula polepole, unapata muda wa kumwona. Dumuzi ni mwingine kabisa: anasaga. Gunia lililokuwa zuri Desemba unalikuta Machi limejaa vumbi. Ndiyo maana mimi napendelea mfuko usiopitisha hewa. Mdudu aliyemo ndani anamaliza hewa na kufa.

Lakini mfuko huo haukaushi mahindi, na hapa nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili niliweka magunia sitini bila kuyapima, nikiamini meno yangu, kwamba punje ikilia ukiitafuna imekauka. Machi nilipofungua la kwanza, harufu ya uchachu ilinipiga usoni. Nilichovya mkono hadi katikati, kukawa na joto, na punje zilishikana kwa ukungu. Ukungu wa namna hiyo ndio unaoleta sumukuvu, na Kenya mahindi yakizidi sehemu 10 kwa bilioni hayafai kuliwa na mtu. Kuyapika hakuondoi sumu hiyo, kuyachagua kwa macho hakutoshi. Sikuuza hata kilo. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, tia kiganja cha mahindi na vijiko vichache vya chumvi iliyo kavu kabisa, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yako yamezidi asilimia 15. Isipogandia, bado si ruhusa ya kufunga. Tafuta kipima upate namba yenyewe.

Tuseme umepima, umefunga, umeweka. Januari inafika na swali linabadilika, na wengi hawatambui. Gharama za kuanika na mifuko zimeshatoka. Hazirudi ukiuza leo wala ukiuza Juni. Usiendelee kuzibeba kichwani. Sasa kila mwezi jiulize jambo dogo tu: mwezi ujao utaniongezea zaidi ya kodi na riba? Kwa mfano wetu hiyo ni shilingi 38 kwa gunia lako, yaani kama 41 kwa kila kilo 90. Bei ikipanda zaidi ya hapo, kaa. Ikipanda chini ya hapo miezi miwili mfululizo, piga simu ya lori.

Januari yenyewe sipendi kuuza. Wazazi wanatoa mahindi ili walipe karo, soko linajaa. Machi wakulima wanatafuta pesa za mbegu na mbolea, wanatoa tena. Nafasi nzuri kwa kawaida ni Aprili na Mei, na baada ya hapo naanza kuogopa: mavuno ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania yanaanza kuingia, kisha ya Uganda, kisha Bomet na Narok. Serikali nayo ikifungua mahindi ya nje bila ushuru, bei inaanguka hata kabla meli haijatia nanga Mombasa. Oktoba 2023 serikali ilitangaza 4,000 kwa gunia katika Bodi ya Nafaka na Mazao, na wapo walioweka mahindi wakiamini soko lote litafuata. Soko halikufuata. Bei ya bodi ni bei ya foleni ya bodi na ya mahindi yanayopita kipimo chake.

Jambo moja la mwisho kuhusu zile namba unazopewa kwa simu. Uliza kila mara bei ni ya wapi. Wengi wanalinganisha bei ya Kitale ya Novemba na bei ya Nyamakima ya Mei, kisha wanaita tofauti hiyo faida ya kuhifadhi. Sehemu yake ni nauli ya lori ya kilomita karibu 380, ambayo ungeipata au kuilipa hata Novemba. Linganisha Kitale na Kitale. Kijana mmoja mwenye magunia mia moja nilipomfanyia hesabu hii aliuza sitini papo hapo, akalipa mkopo, akafunga arobaini. Riba haikuwepo tena kwenye yale arobaini, kwa hiyo bei ya kumrudishia pesa yake ilishuka hadi kama 3,260, na hiyo 3,400 ikawa bei anayoweza kuingoja.