Rezista moja ikitolewa au ikipiga shoti

"Nipo Masasi, najifunza umeme. Kati ya rezista zilizoungwa pamoja, moja ikitoka au ikipiga shoti, volti na mkondo vinabadilikaje?"

Ndugu yangu, chukua betri ya volti 12 na rezista A ya omu 100, ikifuatiwa na B na C za omu 200 kila moja, zilizoungwa sambamba. Mkondo wote ni miliampia 60, na A inapata volti 6.

Ukiitoa C, mkondo wote unashuka hadi miliampia 40, lakini B, iliyokuwa ikipitisha 30 tu, sasa inapitisha zote 40 na volti zake zinapanda hadi 8. Hapa ndipo wengi hukosea.

C ikipiga shoti, B inabaki na volti sifuri ingawa ni nzima, kwa kuwa mkondo wote unapita kwenye njia isiyo na ukinzani, huku A ikibeba volti zote 12 na miliampia 120, yaani wati 1.44. Ikiwa ni ya nusu wati, itaungua.

Ili ujue iliyoharibika kati ya B na C, kata umeme, inua mguu mmoja wa C, kisha pima omu. Umeme wa nyumbani mwachie fundi mwenye leseni.