Salamu za Krismasi kwa wateja wa dini zote: kosa langu lilikuwa kwenye "tu"

Juzi asubuhi, kabla hata sijafungua mlango wa pili wa duka, simu ililia. Alikuwa mteja wangu wa Shela, hapa hapa Malindi, mama mtu mzima aliyekwisha kuhiji, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amejibu salamu zangu za Krismasi hata mara moja. Aliandika: "Ahsante mwanangu. Sikukuu njema kwako na wanao. Zile takia za sebuleni nitazifuata Jumatatu." Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikausoma ujumbe ule tena na tena. Kwa hiyo leo nawaandikia wenzangu wa biashara, maana najua nanyi mna orodha kama yangu na mnataka wateja wasiwakimbie.

Mimi hushona mapazia, foronya na takia. Kwenye simu nina wateja 214. Wengi ni Waislamu, halafu Wakatoliki, Waanglikana na walokole. Kuna Wahindu wenye maduka mjini, familia mbili za Mashahidi wa Yehova, Waitaliano wenye nyumba kule Casuarina, na wazee wa Kigiriama walioshika dini ya mababu. Ukiwa na duka Malindi au Lamu, orodha yako haiko mbali na hii.

Mwaka wa kwanza niliandika hivi: "Wapendwa wateja, tunapoadhimisha kuzaliwa kwa Mwokozi wetu Yesu Kristo, tunawatakia furaha tele." Nikaiweka juu ya kadi niliyoitoa mtandaoni yenye nyota, kengele na glasi mbili zilizogonganishwa. Hakuna aliyenitukana, walinyamaza tu. Ramadhani ilipokaribia, wakati ambao nyumba za Shela hubadilisha mapazia na takia kwa ajili ya Idi, yule mama alipeleka kitambaa chake kwa fundi mwingine. Miezi baadaye binti yake alinieleza, kwa upole, kwamba mama alipousoma ujumbe wangu aliuliza: "Tunapoadhimisha, mimi na nani?"

Neno hilo liliniuma, na bado linauma nikilikumbuka. Kwanza nilidhani jina la Yesu ndilo lililomkera. Sivyo. Waislamu wanamheshimu Nabii Isa, na kumtaja si tusi kwao. Kilichoharibu ni "tu-" ya "tunapoadhimisha" pamoja na "wetu" ya "Mwokozi wetu". Kwa vipande hivyo viwili nilimtia mtu kwenye ibada ambayo si yake, nikamkiria imani kwa kinywa chake. Na zile glasi za mvinyo zikamalizia. Mimi sikuziona kabisa wakati natuma, kwa sababu nilikuwa natazama nyota.

Mwaka wa pili nikakimbilia upande wa pili: "Heri ya sikukuu za mwisho wa mwaka kwa wateja wetu wote." Krismasi nikaifuta. Nikajiona nimekuwa mwangalifu. Tarehe 27 akaingia dukani mzee mmoja, katekista, ambaye nimemshonea vitambaa vya kanisa tangu nianze kazi. Aliweka kofia mezani akasema, "Mama Neema, Idi ulituma Idi Mubarak, ukaitaja kwa jina. Krismasi yetu umeificha wapi?" Sikuwa na jibu. Alisema kweli. Sikukuu ya jirani nilikuwa nimeitaja wazi, ya kwangu mwenyewe nikaionea haya, na mwenzangu wa kanisani ndiye aliyeachwa nje.

Mwaka wa tatu nikagawa watu mafungu: "Kwa wenzetu Wakristo, Heri ya Krismasi. Kwa ndugu zetu Waislamu, tunawatakia likizo njema." Wahindu hawakuwamo. Wazee wa Kigiriama hawakuwamo. Mashahidi wa Yehova ni Wakristo kwa kauli yao wenyewe, lakini Krismasi hawaisherehekei, kwa hiyo nao niliwatupia salamu isiyowahusu. Ukianza kuhesabu dini kwenye ujumbe mmoja, lazima mmoja atabaki mlangoni.

Mwaka huu nimeandika hivi, na ninauweka wote ili uuone ulivyokaa:

"Habari yako. Ni Mama Neema wa mapazia. Nyumbani kwangu wiki hii tunasherehekea Krismasi, na nimewakumbuka walionishika mkono mwaka huu. Wewe ni mmoja wao, ahsante kwa kazi uliyonipa. Duka litafungwa tarehe 25 na 26, nitafungua tarehe 27 saa tatu asubuhi. Nakutakia wewe na nyumba yako afya, amani na mwaka mpya wenye heri."

Angalia "tunasherehekea" imekwenda wapi. Sasa imefungwa na "nyumbani kwangu", kwa hiyo "sisi" hapo ni mimi na wanangu, msomaji hakuguswa. Krismasi imetajwa kwa jina lake, sikuificha. Shukrani na dua zimemwendea yeye kama mtu, kwa "wewe", maana kila mmoja anausoma peke yake kwenye simu yake. Ukiandika "nyinyi" au "wapendwa wateja", anajua mara moja kwamba yumo kwenye kundi. Habari ya kufungwa duka nayo ina kazi: hata asiye na sikukuu yoyote wiki hiyo amepata jambo la kumfaa. Nilituma tarehe 22, ili isomwe kama taarifa na shukrani, isiwafikie watu siku yenyewe kama mwaliko wa sherehe.

Kwa wale ninaojua wanasherehekea, niliongeza mwanzoni, "Heri ya Krismasi kwako na familia." Kujua ndiko kwenye mtego, ndugu zangu. Usimjue mtu dini kwa jina. Huku kwetu Kahindi anaweza kuwa mlokole au Mwislamu, na Charo vilevile. Mimi nilimwekea lebo kwenye WhatsApp yule tu ambaye mwaka wowote alinitakia Krismasi mwenyewe kwanza, au niliyemkuta kanisani. Mwingine yeyote alipata ujumbe wa kawaida, na ujumbe huo haupungukiwi na kitu hata ukimfikia askofu. Waitaliano niliwamalizia kwa "Buone Feste", ambayo kwao ni heri ya sikukuu bila kuuliza unaamini nini.

Picha nimeweka ya meza yangu ya kukatia, kitambaa cha buluu na mkasi juu yake. Punguzo la bei nimeliita la mwisho wa mwaka. Lilipokuwa "zawadi ya Krismasi", mteja wangu Shahidi wa Yehova alilazimika kulikataa mbele ya watu, nikamwonea huruma.

Kwenye kutuma, ile orodha ya WhatsApp ya kutumia wengi kwa mara moja huchukua watu 256, lakini ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Nilipokagua, wengi wa Casuarina hawakuwa wameihifadhi yangu. Hao niliwaandikia mmoja mmoja, na hapo nikapata nafasi ya kumwita kila mtu kwa jina.

Na kwenye Idi nimejirekebisha vilevile. Sikukuu si yangu, kwa hiyo siandiki "tunaposherehekea Idi". Naandika "Idi Mubarak kwako na nyumba yako", naishia hapo.

Katekista alijibu usiku ule ule wa tarehe 22. Hakuandika mengi. "Mwaka huu umeitaja, mama. Nitakuletea kitambaa cha altare baada ya mwaka mpya."