Zawadi ya kulipia kila mwezi: mwezi wa nne atalipa nani?

Mwaka juzi nilimpelekea baba king'amuzi cha dishi kule Korogwe. Kifaa, dishi na fundi wa kulifunga vilinitoka 110,000, nikaongeza 28,000 ya kifurushi cha mwezi wa kwanza. Mzee alifurahi, majirani wakajaa sebuleni kuangalia mpira, nami nikarudi Dar nikijiona mtoto mwema. Siku ya 31 simu ikaita: "Mwanangu, televisheni imegoma."

Kumbe kifurushi kilikuwa kimeisha tu. Nikapiga hesabu niliyotakiwa kuipiga dukani: 28,000 mara miezi 12 ni 336,000, yaani mara tatu ya bei ya vifaa vyote. Tena mzee ana haya ya kuomba. Baadaye mama aliniambia kuna mwezi alikaa wiki nzima akitazama maandishi ya kudai malipo kwenye kioo, bila kumwambia mtu.

Juni iliyofuata nilikwenda kukaa naye siku tisa, ndipo nikaona jinsi anavyokitumia. Mchana kutwa redio inaimba chini ya mwembe. Saa mbili usiku anawasha televisheni, anaangalia taarifa ya habari, anazima. Kingine anachokijali ni mechi za Simba, na ligi ilikuwa imeshaisha. Kifurushi kinahesabu siku tangu ulipolipa, uwashe usiwashe, kwa hiyo pesa ya Juni na Julai ilikuwa inateketea huku kioo kimezimwa.

Ndiyo maana siku hizi simuulizi mtu mzima, "Ungependa nikulipie hiki?" Atasema ndiyo, maana nani atakataa zawadi ya mwanawe? Namuuliza juzi na jana aliangalia nini, au alisoma nini, saa ngapi. Akisitasita, nimepata jibu. Kwa baba tulikubaliana hivi: nalipia kifurushi cha mpira ligi inapoanza hadi inapomalizika, miezi mingine anakula redio yake. Namba ya kadi ya king'amuzi ninayo kwenye simu yangu, nalipa mwenyewe kutoka Dar. Ila kabla ya kulipa nampigia kwanza awashe na akiache kwenye chaneli mojawapo ya kulipia. Ukilipa kifaa kikiwa kimezimwa, mara nyingi ule ujumbe wa kufungua chaneli unakipita, kisha mnabaki kusumbuana na huduma kwa wateja.

Uzuri wa king'amuzi ni kwamba usipolipa kinakata, basi. Programu za simu hazina huruma hiyo. Mdogo wangu alipopata kazi Dodoma nilimzawadia programu ya kujifunzia Kiingereza. Nikaingiza kadi yangu ya benki kwenye simu yake, kupitia Play Store. Akaitumia wiki tatu, akaichoka, akaifuta kwenye simu. Mimi nikaendelea kupokea meseji za benki, kila mwezi kiasi tofauti kidogo kwa sababu bei ilikuwa ya dola. Miezi mitano!

Kufuta programu hakusimamishi malipo. Na nilipotaka kuyasimamisha kwenye simu yangu sikuona kitu, kwa sababu malipo yamefungwa kwenye akaunti iliyojiunga, yaani Gmail yake, hata kama kadi ni yangu. Naye simu ile alishaiuza na nywila ameisahau. Tulihangaika jioni nzima kuirudisha akaunti hiyo. Tulipoingia, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja: fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`, chagua programu, bonyeza `Cancel subscription`. Kwenye iPhone unaingia `Settings`, unagusa jina lako, halafu `Subscriptions`.

Sasa nina mtindo wangu. Nikitaka kumpa mtu programu, nalipia muda wote kwa mkupuo, tuseme mwaka mmoja, na siku ileile, simu ikiwa bado mkononi mwangu, nabonyeza `Cancel subscription`. Kwa kawaida ataendelea kuitumia hadi muda uliolipiwa uishe, ila kadi yangu haitakatwa tena. Angalizo ni kwa ile miezi ya bure ya kujaribu: nyingine ukisitisha zinafungwa papo hapo, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kubonyeza. Kisha namwambia mhusika tarehe ya mwisho waziwazi, asije akadhani nimemnunia.

Mdogo wangu, kwa taarifa yenu, mwaka huu ameomba kamusi ya karatasi.